Akaunti moja ya filamu, ndugu watatu, na wageni wawili

Kila nikifungua filamu usiku, naambiwa skrini mbili tunazoruhusiwa kwa wakati mmoja zimeshajaa. Lawama zote nilimtupia kaka, maana kwake runinga haizimwi. Nilipoingia kwenye orodha ya vifaa nikakuta simu mbili nisizozijua. Mdogo wangu akakiri: aliwapa wenzake wa hosteli neno la siri, "waangalie mechi moja tu."

Kilichonitoa jasho ni kwamba neno hilohilo ndilo la barua pepe yangu. Nikaanza na barua pepe, kwa sababu anayeishika anaweza kubadili mengine yote. Ndipo nikabadili la akaunti na kubonyeza kuondoa vifaa vyote. Bila hatua hiyo ya mwisho, simu ya mgeni inaweza kubaki ndani. Sasa neno la siri ninalo mimi peke yangu; runinga ya kaka naiunganisha mwenyewe nikienda kwao.

Pesa nazo tukapanga upya. Ada ni 24,000 kwa mwezi, zamani kila mtu 8,000. Kaka, mwenye mke na watoto watatu, anatoa 12,000. Sisi wawili, 6,000 kila mmoja. Kaka alinuna siku mbili, akatuma.