Nilivyotenganisha kazi ya simu na tabia ya mgonjwa

Kazi yangu ni takwimu za kliniki ya presha. Kwa muda tulikuwa na mpango wa simu: mgonjwa akiandikishwa, kila wiki anapigiwa, anaulizwa kama anameza dawa, anakumbushwa tarehe ya kurudi. Daktari mkuu alitaka kuupanua mpango huo, na ushahidi aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu: presha za walioandikishwa zilikuwa zimetulia kuliko za wasioandikishwa, tena kwa tofauti ambayo haikuhitaji miwani kuiona. Alinipa hesabu hizo nizipange vizuri ziingie kwenye ripoti. Nilimwomba anivumilie kidogo, nikaenda kwanza kwa nesi anayeandikisha.

Nilikaa naye mezani asubuhi moja nikimtazama anavyofanya. Faili la kwanza alilifungua, akapitisha kidole kwenye safu ya tarehe, akamwandikisha mgonjwa. La pili alilifungua, kidole kikasimama kwenye mapengo, akalifunga na kuliweka pembeni. Nikamuuliza huyo ana kasoro gani.

"Huyu anapotea miezi mitatu, halafu anarudi hoi," akasema. "Nikimpigia hapokei. Mimi nachukua wale wasiokosa kliniki, angalau vocha haiendi bure."

Kwa upande wake ni busara tupu, lakini ulinganisho wetu ulikuwa umeharibikia hapo mezani. Mtu asiyekosa kliniki ndiye huyo huyo anayemeza dawa kwa saa yake, na presha yake ina kila sababu ya kutulia hata asipopigiwa. Yaani mahudhurio yalikuwa yanavuta kamba mbili kwa wakati mmoja: yanaamua nani apate simu, na yanaamua presha ya nani itulie. Kitu cha namna hiyo ndicho kigeu vurugi, na ni sharti kishike kamba zote mbili. Kama nesi angekuwa anachagua kwa herufi ya kwanza ya jina, herufi ingeamua nani apigiwe lakini isingegusa presha ya mtu, na mimi nisingekuwa na tatizo.

Daktari si mtu wa kukubali maneno matupu, kwa hiyo nilimtungia hesabu ya mfano kwenye karatasi. Tuseme walioandikishwa ni 100, na 80 kati yao ni wahudhuriaji wazuri. Wasioandikishwa nao ni 100, lakini wahudhuriaji wazuri ni 20 tu. Tuseme pia simu haina kazi hata chembe: mhudhuriaji mzuri presha yake hutulia mara 70 kwa 100, na mtoro mara 30 kwa 100, apigiwe asipigiwe. Sasa piga hesabu. Kwa walioandikishwa, wazuri wanaleta 56 na watoro wanaleta 6, jumla 62. Kwa wasioandikishwa, wazuri wanaleta 14 na watoro 24, jumla 38. Simu isiyofanya lolote imeonekana kuwatuliza watu 24 zaidi katika kila 100. Ukitenganisha wazuri na watoro kisha ukalinganisha ndani ya kila kundi, tofauti inayeyuka yote.

Aliikagua hesabu mara mbili akitafuta nilikoficha kitu. Kisha akasema, "Haya, nitenganishie za kweli."

Nilizitenganisha. Hapa pana mtego ambao watu wengi wa data huuingia: nilitumia mahudhurio ya kabla ya mgonjwa kuandikishwa, si ya baada. Mahudhurio ya baada yanaweza kuwa matunda ya simu zenyewe, na ukiyasawazisha, yaani ukilinganisha tu watu wanaofanana kwa mahudhurio hayo, unakuwa umefuta kile kile unachokitafuta. Tofauti ilipungua sana ndani ya kila kundi, ila haikuisha. Daktari akafurahi. Kwake mabaki hayo ndiyo kazi ya simu, na kama bado nina shaka basi nisawazishe pia umri, uzito, sukari na aina ya dawa, tumalize.

Hapo ndipo nilipomletea habari ya vidonge bandia, vile vinavyofanana na dawa lakini havina dawa ndani. Marekani waliwahi kufanya jaribio kubwa kwa wanaume waliokwisha kupata shambulio la moyo, likiitwa Coronary Drug Project. Mojawapo ya dawa zilizopimwa ilikuwa klofibrati, ya kushusha kolesteroli, na nani apewe nini iliamuliwa kwa kura. Katika miaka 5, waliopangiwa klofibrati walifariki asilimia 20.0 na waliopangiwa kidonge bandia asilimia 20.9. Kwa maneno mengine, dawa haikuokoa maisha. Lakini matokeo ya 1980 yalionyesha pia kwamba waliomeza angalau asilimia 80 ya klofibrati waliyoandikiwa walifariki asilimia 15.0, na waliomeza chini ya hapo asilimia 24.6. Mtu angeishia hapo angetangaza kwamba dawa inaokoa, mradi uimeze. Watafiti wakageukia waliopewa kidonge bandia na kuwagawa vivyo hivyo. Wamezaji wazuri wa kidonge kisicho na dawa walifariki asilimia 15.1, wavivu asilimia 28.3.

Kidonge kisicho na kitu hakiwezi kumpunguzia mtu kifo kiasi hicho. Kinachoonekana pale ni aina ya mtu anayefuata maagizo: pengine anakula vizuri zaidi, ana wa kumhimiza nyumbani, au hakuwa mgonjwa wa kushindwa kumeza. Na sehemu iliyomnyamazisha daktari wangu ni hii: watafiti walisawazisha sifa 40 walizokuwa wamezipima mwanzoni, na bado wamezaji wazuri walibaki na asilimia 16.4 dhidi ya 25.8 ya wenzao. Sifa 40! Faili zetu zina sifa saba au nane, na nusu yake zimeandikwa kwa haraka.

"Kwa hiyo kila utafiti wa kuangalia tu ni bure?" akauliza. Si kweli, na hoja hii huwa inakuzwa kupita kiasi. Hakuna aliyewahi kuamua kwa kura kwamba nusu ya watu wavute sigara miaka 30, lakini tunajua sigara inaleta saratani ya mapafu. Ronald Fisher, mtu yule yule aliyejenga misingi ya majaribio ya kura, alishikilia kwamba huenda kuna jambo la kurithi linalomfanya mtu apende sigara na pia linamletea saratani. Mwaka 1959 mtakwimu Jerome Cornfield na wenzake walijibu kwa hesabu. Kama wavutaji wanapata saratani hiyo mara 9 zaidi, na sababu yote ni hicho kitu kilichojificha, basi kitu hicho lazima kiwepo kwa wavutaji angalau mara 9 zaidi kuliko kwa wasiovuta. Aliyekuwa na shaka akitafute kitu cha ukubwa huo. Hakikupatikana.

Nikaichukua rula ile ile nikaiweka kwenye mabaki yetu. Baada ya kusawazisha mahudhurio, walioandikishwa hawakuwa wamezidi mara 9, wala mara 2. Walizidi kidogo tu. Kuzalisha tofauti ndogo namna hiyo hakuhitaji kigeu kikubwa. Nesi akiwa na jicho tu la kumtambua mgonjwa mwenye ari, jambo ambalo halimo katika faili lolote, inatosha. Tofauti ndogo, kigeu kisichopimika, mchaguzi mwenye jicho zuri: kwa hali hiyo hakuna fomula ya kuniokoa. Ilibidi uamuzi wa nani apigiwe uondolewe mkononi mwa kila mtu.

Bahati nzuri simu hazikuwa zinatosha wagonjwa wote, kwa hiyo kupiga kura hakukumnyima mtu kitu ambacho angekipata kwa hakika. Tulipeleka maombi kwenye kamati ya maadili, tukaandika fomu ya ridhaa. Nesi alipendekeza njia rahisi: siku moja waandikishwe wote, siku inayofuata wasiandikishwe. Nilikataa, kwa kuwa anayejua leo ni siku gani anaweza kumwambia mgonjwa anayempenda, "Mama, njoo kesho." Badala yake nilitengeneza orodha ya nasibu kwenye kompyuta, nikaingiza majibu katika bahasha nene zisizoonyesha ndani, zenye namba za mfululizo. Mgonjwa anakubali kwanza na kusaini, jina lake linaandikwa juu ya bahasha, ndipo bahasha inafunguliwa. Mpangilio huo ndio kiini cha zoezi zima. Bahasha ikitangulia ridhaa, uchaguzi unarudi kwa mlango wa nyuma.

Kura haikufanya makundi yafanane kama mapacha. Kundi moja lilipata wazee wengi kidogo kuliko jingine. Ila kura haimjui mwenye ari na mvivu, kwa hiyo tofauti zote, zilizoandikwa na zisizoandikwa, zinaangukia popote kwa bahati, na ukubwa wa bahati hiyo unakadirika. Ndiyo maana ya ule wigo unaoandikwa pembeni ya matokeo, kutoka kiwango cha chini hadi cha juu ambamo jibu la kweli linaweza kuwamo. Kwenye ulinganisho wa nesi, wigo ungeweza kuwa mwembamba kabisa na bado ukazunguka jibu potofu.

Aliyepima presha mwishoni hakuambiwa nani alikuwa kundi gani. Vita vilizuka kwenye uchambuzi. Baadhi ya waliopangiwa simu hawakuwahi kupokea hata moja, na daktari alitaka niwaondoe: "Hawa hawakupigiwa, unawahesabiaje?" Nikamrudisha kwenye kidonge bandia. Wanaopokea simu ni wamezaji wazuri kwa jina jingine. Ukiwaondoa wasiopokea upande mmoja, upande wa pili wenzao wa tabia hiyo hiyo wanabaki, maana huko hakuna simu ya kuwafichua, na hapo tumerudi mezani kwa nesi. Kila mtu alihesabiwa kwenye kundi alilopangiwa na bahasha. Jibu la namna hiyo linapima mpango kama utakavyoendeshwa, pamoja na wasiopokea, na huo ndio mpango ambao daktari angeulipia.

Presha zilishuka pande zote mbili, hata kwa wasiopigiwa, kwa sababu wengi huingia kliniki presha ikiwa imepanda kuliko kawaida yao na baadaye hurudi kwenye kawaida hiyo. Kundi la simu lilishuka zaidi kidogo, na wigo wa tofauti hiyo ulianzia karibu na sifuri, yaani huenda simu ilisaidia kidogo mno. Daktari hakuipanua huduma kwa wote. Aliomba duru ya pili, ya watoro watupu, wale ambao nesi alikuwa akiweka faili zao pembeni, kwa kuwa kuhusu hao hatukuwa na data ya kutosha. Nesi alinuna kidogo kwa ajili ya vocha zake, kisha akaniuliza bahasha mpya zitakuwa tayari lini.