Taa Iliyowaka Mara Mbili

Kaka mmoja wa mwaka wa nne aliniambia, kwa sauti ya mtu asiyekosea, "Mdogo wangu, S3 ikipata 1, irudishe S1, basi." Nikamshukuru. Namdai wikendi nzima.

Kazi yenyewe ilikuwa saketi ya kutambua 1101 bila kuingiliana, kwa flip-flopu za D. Chipu nilizinunua Luthuli, mia kadhaa tu: 74HC74 moja inatosha kwa sababu ina flip-flopu mbili, na hali ni nne. S0 haina kitu, S1 imeona 1, S2 imeona 11, S3 imeona 110.

Nikaunga, nikalisha 1101, taa ikawaka. Nilijiona injinia. Mwalimu akaja, akalisha 1101101, taa ikawaka mara mbili. Akatabasamu tu, akaenda meza ya pili.

Nilikaa na karatasi mpaka stima ikapotea huku Roysambu. Kumbe ile 1 ya mwisho ya neno la kwanza nilikuwa naihesabu tena kama 1 ya kwanza ya neno la pili. Hiyo ndiyo kuingiliana! Ushauri wa kaka ulikuwa sahihi, ila kwa swali la mtu mwingine. Bila kuingiliana, ukishapata neno unasahau kila kitu. Hapa X ni biti inayoingia, Z ni ile ya kuwasha taa:

```
hali   X=0   X=1
S0     S0    S1
S1     S0    S2
S2     S3    S2
S3     S0    S0, Z=1
```

Tazama S2 ikipata 1: inabaki palepale, maana mbili za mwisho bado ni 11. Wenzangu wengi waliirudisha S0, na 11101 ikawapita hivi hivi.

Nikazipa hali namba kwa mpangilio, 00, 01, 10, 11, herufi A ikiwa ya kushoto na B ya kulia. Sasa raha yangu: kile kisanduku kimoja nilichobadilisha kiliondoa kipande cha `ABX` kwenye DB, yaani mguu wa D wa flip-flopu B, na kilichobaki kikajikunja chenyewe:

```
DA = AB' + A'BX
DB = B'(A xor X)
Z  = ABX
```

A' na B' hazihitaji geti la kugeuza, flip-flopu inazitoa yenyewe kwenye mguu wa pili wa Q. Chipu moja nikairudisha mfukoni.

Miguu ya kuweka na kufuta nilikuwa nimeiacha ikining'inia, hali zikawa zinaruka ovyo nikisogeza mkono. Iunge kwenye volti tano. Tena, usibonyeze kloki kwanza ndipo utazame taa: Z inaisikiliza X moja kwa moja, kwa hiyo taa huwaka ukiweka ile 1 ya nne na huzimika kloki ikipiga. Mimi nilibadilisha taa mbili nzima nikidhani zimeungua.

Jumatatu nikalisha 1101101 mwenyewe, mwalimu akiwa nyuma yangu. Mara moja. Akalisha 11011101, ikawaka mbili, kama inavyopaswa.