Siku moja ya kuandika skripti ya video ya maswali ya wateja

Saa 2:30 asubuhi. Kabla duka letu la viatu la mtandaoni halijachangamka, napitia meseji za WhatsApp za mwezi uliopita. Kila swali linapojirudia naliongezea mstari kwenye daftari, na pembeni naandika: asipojibiwa, mteja anaendelea au anapotea?

Saa 4. Wingi wa mistari peke yake unapotosha. "Bei gani?" ndilo linaloongoza, lakini halifai kwenye video kwa sababu kila kiatu kina bei yake, jibu lake likae kwenye posti ya kiatu husika. Nafasi ya kwanza naipa swali hili: "Dada, nikishalipa halafu msipoleta?" Wanaouliza ni wachache zaidi, ila wasiporidhika hawarudi tena. Linafuata la saizi, kisha mizigo ya mikoani, na mwisho kubadilisha kiatu kisichotosha, kwa kuwa hilo humhusu aliyekwisha kununua.

Saa 5. Naandika kwa safu mbili: maneno kushoto, picha kulia. Jibu linatangulia, maelezo yanafuata. La malipo linasomeka hivi: "Lipa kwa Lipa Namba yetu. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu itakuonyesha jina. Lisipokuwa la duka letu, sitisha." Kulia: skrini ya simu imesogezwa karibu, kidole kikionyesha jina, tarakimu za siri hazionekani.

Saa 7 mchana. Saizi ndiyo inayokula muda. Ukisema "tuambie namba yako", mwenye 40 ya kiwanda kimoja atabanwa na 40 ya kingine. Kwa hiyo skripti inamwambia apime mguu: karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kisha rula. Apime miguu yote miwili na atutumie sentimita za ule mrefu. Afanye jioni, maana mguu huvimba kidogo baada ya kutwa nzima. Saizi za Ulaya hupishana kwa takriban milimita 6.7 tu, kwa hiyo karatasi ikiteleza kidogo, tayari umekosea namba nzima. Picha hapa ichukuliwe kutoka juu, bila kukatwa, mpaka rula isomeke.

Saa 9. Nafuta nauli zote. Bei ya boda ikipanda, video inabaki na bei ya zamani na mteja anaidai hiyo hiyo. Kwenye maneno inabaki "gharama iko kwenye maelezo chini ya video", ambako naweza kuihariri.

Saa 10 jioni. Nasoma kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu. Kusoma kimya hudanganya. Mdomo una mwendo wake. Jibu likizidi nusu dakika nalipunguza, isipokuwa la saizi, ambalo likipunguzwa hupoteza hatua. Kisha nampa skripti kaka anayefunga mizigo, aonyeshe mahali ambapo ahadi ya maneno haifanani na anavyofanya kazi. Amekata "siku hiyo hiyo": oda ikiingia baada ya saa 9, basi la mkoani inalikosa.