Idhini Iliyobaki Baada ya Nenosiri Kubadilishwa

Asubuhi ile mhasibu wetu alikuja mezani kwangu akitetemeka, akaniambia, "Kaka, mteja anauliza kwa nini nimemtumia namba mpya ya akaunti ya benki, na mimi sijaandika barua hiyo." Ofisi yetu ilitumia Google Workspace, nami nilikuwa mmoja wa wasimamizi wakuu wawili. Wa pili alikuwa msaidizi wangu, na akaunti yake ndiyo iliyoonyesha kuingia usiku kutoka nchi ya mbali. Nikambadilishia nenosiri, nikafunga vikao vyake vyote, nikaamini kwamba mlango umefungwa.

Hata hivyo nilifungua `Admin log events`, yaani kumbukumbu za yale wanayoyafanya wasimamizi, nikachuja kwa jina lake. Rekodi nilizokuwa nimezichota kwa API zilikuwa na saa za UTC, kwa hiyo ile iliyoandikwa saa 23:12 ilitokea kwetu saa nane na dakika 12 usiku, tena tarehe iliyofuata. Nilipomuuliza, msaidizi alijibu kwamba saa hiyo alikuwa amelala, nami nilimwamini. Matukio mawili yalifuatana:

```
CREATE_USER
ASSIGN_ROLE
```

Mvamizi alikuwa ameunda mtumiaji mpya mwenye jina linalofanana na la idara yetu ya huduma, kisha akampa cheo cha msimamizi mkuu. Baada ya hapo jina la msaidizi halikuonekana tena, na hapo ndipo nilipokaribia kukosea. Kichujio changu kilionyesha tu yale yaliyofanywa na msaidizi, ilhali mvamizi alikuwa amehamia kwenye jina jingine.

Nikaondoa jina, nikabakiza muda peke yake. Dakika tisa baadaye akaunti mpya ilikuwa imefanya tukio moja tu:

```
AUTHORIZE_API_CLIENT_ACCESS
```

Ndani yake kulikuwa na namba ndefu ya programu na upeo wa idhini, `https://mail.google.com/`. Maana yake ni kwamba programu ile iliruhusiwa kujivika utambulisho wa mfanyakazi yeyote wa ofisi, kusoma barua zake na kutuma kwa jina lake, bila kuhitaji nenosiri la mtu. Nenosiri nililobadilisha asubuhi halikuwa limeigusa idhini hiyo hata kidogo, na hata kumfuta mtumiaji yule bandia kusingeiondoa. Iliandikwa kwenye mipangilio ya kikoa chetu kizima, na huko ndiko ilikopaswa kufutwa.

Niliifuta saa nne na dakika 40 asubuhi, ndipo nikaisimamisha akaunti bandia bila kuifuta, ili ushahidi ubaki. Kumbukumbu za wasimamizi huandika mabadiliko ya mipangilio, haziandiki ni barua ipi iliyosomwa. Kwa hiyo nilimwandikia mkurugenzi kwamba visanduku vyote, pamoja na chake, vihesabiwe kuwa vilikuwa wazi kuanzia saa nane na dakika 21 usiku hadi saa nne na dakika 40, nikaambatisha mistari ile mitatu.