Nilivyolinganisha ukuaji wa miaka 14 na wa miaka 10 kwa takwimu za sensa

Nilitaka kujua Watanzania waliongezeka kwa kasi zaidi lini: kati ya sensa ya 1988 na ya 2002, au kati ya 2012 na 2022. Kwa mamilioni, tulitoka 23.1 tukafika 34.4, kisha tukatoka 44.9 hadi 61.7. Kipindi cha kwanza kina ongezeko la asilimia 48.9, cha pili 37.4. Ukiishia hapo utasema cha kwanza kilikuwa na kasi zaidi, lakini kile ni miaka 14 na hiki ni 10.

Kugawa 48.9 kwa 14 hakutoshi. Jibu ni karibu 3.5, na ukikuza 23.1 kwa asilimia 3.5 kila mwaka kwa miaka 14 unafika 37.4, watu milioni 3 zaidi ya waliohesabiwa. Sababu ni kwamba waliozaliwa mwaka huu nao huja kuzaa, kwa hiyo kila mwaka ongezeko linahesabiwa juu ya idadi iliyokwisha kukua.

Nilichofanya ni kugawa idadi ya mwisho kwa ya mwanzo, kutafuta kipeo cha 1/14 cha jibu hilo, kisha kutoa 1. Kwenye Eksel:

```
=(34.4/23.1)^(1/14)-1
=(61.7/44.9)^(1/10)-1
```

La kwanza linatoa asilimia 2.9, la pili 3.2. Mpangilio umegeuka: kipindi kifupi ndicho kilichokuwa na kasi. Mabano ya 1/14 usiyaache. Bila hayo Eksel inapandisha kwa 1 kwanza, halafu inagawa kwa 14, na unaletewa -0.89. Miaka nayo ihesabu kwa kutoa, 2002 - 1988. Ukiihesabu kwa vidole kuanzia 1988 yenyewe unapata 15, na kasi inashuka hadi 2.7 bila kitu chochote kukushtua. Ndiyo maana kila jibu nalirudisha nyuma: 23.1 × 1.029^14 lazima ikaribie 34.4.

Kwa huku kwetu Arusha nilianzia 2012 tu. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, kwa hiyo idadi ya mkoa ya 1988 ni ya eneo kubwa zaidi na hesabu yake ingedanganya. Kutoka 1,694,310 hadi 2,356,255 mwaka 2022 ni asilimia 3.35 kwa mwaka. Majirani zetu wa Kilimanjaro, kutoka 1,640,087 hadi 1,861,934, ni 1.28.

Ukikuta mahali Arusha imeandikwa 3.3, huenda mwandishi ametumia `=LN(2356255/1694310)/10`, njia inayopendwa na wataalamu wa idadi ya watu. Inatoa 3.30. Zote mbili ni sahihi, ila kipindi kimoja usikipigie kwa hii na kingine kwa ile.