Kipima mvua kikinyamaza mara tatu: nani aambiwe?

Mradi wangu una vipima mvua vitatu, Hombolo, Mvumi na Makutupora, na kompyuta moja ndogo hapa Dodoma mjini inayokusanya vipimo vyao saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Wiki hii nimeshughulikia jambo moja tu: mzunguko wa ukusanyaji ukirudi mikono mitupu mara tatu mfululizo, ni nani anayestahili kupewa taarifa.

Mkoa huu huwa na msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka kipimo halali ni sifuri. Ndiyo maana kila kifaa hutuma mstari mmoja kila saa hata kama kikombe chake, kinachopinduka kwa kila milimita 0.2, hakijapinduka kabisa. Mstari huo hubeba kiasi cha mvua pamoja na volti za betri. Mzunguko mtupu, basi, ni ule ambao hakuna mstari wowote uliofika, na hauhusiani na ukame.

Ipo hali ya tatu inayofanana sana na utupu, nayo ni skripti kushindwa kusoma faili lenyewe. Amri ninayotumia hutofautisha hali hizi kwa namba inayorudisha:

```
grep -c '^hombolo,' mpya.csv
hali=$?
```

Ikirudisha 0, mistari imepatikana, nami naifuta hesabu ya utupu. Ikirudisha 1, faili limesomwa lakini halina mstari wa Hombolo, na hesabu inaongezeka kwa moja. Ikirudisha 2, kuna hitilafu upande wangu, mathalani faili halipo. Hapo hesabu haiguswi, na taarifa inakuja kwangu papo hapo. Mzee anayetutunzia kifaa Hombolo hapaswi kutumwa shambani kwa sababu ya kosa lililo mezani kwangu. Kwa sababu hiyo hiyo, vifaa vyote vitatu vikinyamaza katika mzunguko mmoja, ninaarifiwa mimi peke yangu, kwa kuwa ni vigumu kuamini kwamba vimeharibika kwa pamoja ilhali mpokeaji wao ni mmoja.

Nimechagua mara ya tatu kwa sababu mtandao ukikatika kwa saa kadhaa huweza kula mzunguko mmoja au miwili, kisha ukarudi wenyewe. Kilichonichukua muda ni namna ya kuandika sharti. Ukiandika kwamba ujumbe utumwe hesabu ikiwa 3 kamili, na ujumbe huo ukakwama, mzunguko unaofuata utakuwa wa 4 na hakuna atakayeambiwa tena. Ukiandika 3 au zaidi bila alama yoyote, mtunzaji atapokea ujumbe kila baada ya saa sita hadi achoke kuusoma. Nimeandika hivi:

```
if [ "$n" -ge 3 ] && [ ! -f hombolo.taarifa ] \
   && [ "$(date +%H)" != "00" ]; then
  tuma_sms hombolo && touch hombolo.taarifa
fi
```

Faili la alama huundwa tu baada ya ujumbe kutumwa salama, na hufutwa mstari mpya unapoingia. Sharti la saa linazuia kumwamsha mtu usiku wa manane. Mzunguko wa alfajiri utakuta hesabu bado imezidi 3 na alama haipo, hivyo ujumbe utakwenda bila kuhitaji foleni yoyote.

Hombolo ilitupa mfano kamili. Mzunguko wa mchana ulikuwa mtupu, wa jioni pia, na wa tatu ukaangukia saa 6 usiku. Saa 12 asubuhi ujumbe ukaenda: "Shikamoo mzee. Kipima mvua hakijatuma kitu tangu jana asubuhi. Betri ilikuwa inashuka, mwisho volti 11.6. Naomba utazame paneli ya sola na waya wake." Volti zile ndizo zilizonifanya nitaje paneli: betri ya volti 12 inayoshuka taratibu kabla ya kunyamaza haichajiwi, ilhali iliyokuwa na nguvu kisha ikakatika ghafla hunielekeza kwenye laini ya simu au salio. Jibu lilikuwa fupi: "Marahaba. Mbuzi wametafuna waya. Nimeuunga." Jua lilipopanda, mistari ikaanza kuingia.

Kama ungefika mzunguko wa 7 bado mtupu, fundi mwenye betri za akiba angeambiwa kwa sharti la namna hiyo hiyo, likiwa na alama yake. Kinachobaki ni kompyuta yenyewe kuzimika, maana ikizimika hata kuhesabu haihesabu. Nitaifanya itume salamu kwenye kompyuta ya rafiki yangu kila baada ya mzunguko, na ile ya rafiki ndiyo itakayonipigia ikikosa salamu tatu.