Mstari wa pili wa zaburi si mwangwi

Wanakwaya wenzangu wa Mombasa, tumezoea shairi ambalo ukwapi na utao hushikwa na vina na mizani. Zaburi haina vina. Mistari yake hushikana kwa maana.

Tazameni Zaburi 24:1: “Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA, dunia na wote wakaao ndani yake.” Nchi imejibiwa na dunia, hapo hakuna jipya. Lakini “vyote” imekuwa “wote”: kwanza vitu, kisha watu. Hata mwenye shamba naye ana mwenyewe! Hapo ndipo mstari wa pili unapozama kuliko wa kwanza.

Tena, maneno “ni mali ya BWANA” hayarudiwi. Mstari wa pili unayaazima kwa wa kwanza. Kwa hiyo mkiimba kwa kupokezana, upande wa pili ukichelewa kuingia, “dunia na wote wakaao ndani yake” inabaki ikining'inia, na msikilizaji atauliza: wamefanya nini? Vuteni pumzi fupi katikati, ndefu mwisho wa aya. Na sauti isishuke kwenye “wote”, kama wengi wanavyofanya wakidhani ni marudio tu.